Kidonda cha baba kwa macho kinapungua, hesabu ya picha inasema kimekua. Tatizo liko wapi?

binti_wa_pwani
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa anayejua vipimo vya picha. Baba ana kisukari na amepata kidonda juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapopita. Kliniki ni mbali, kwa hiyo nesi alinielekeza kila wiki, kabla ya kufunga bendeji mpya, nimpige picha pakiwa na stika ya mraba yenye upande wa sentimita 2, kisha nimtumie.

Eneo nahesabu mwenyewe kwa ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima picha. Nachora kuzunguka kidonda kwa Polygon, nabonyeza Analyze halafu Measure, napata idadi ya pikseli. Stika hivyo hivyo. Stika ni sentimita 4 za mraba, basi nagawanya pikseli za kidonda kwa za stika, nazidisha kwa 4.

Picha ya kwanza: kidonda 168,000, stika 60,000, jibu 11.2. Picha ya wiki ya nne: kidonda 140,000, stika 49,100, jibu 11.4. Lakini pembeni naona ngozi mpya ya waridi inaingia! Baba kila nikifungua kompyuta ananiuliza, na sijui nimjibu nini.

mzee_wa_kazi
Pole kwa kuuguza. Binti yangu, chukua rula, pima urefu mara upana, umemaliza. Kama wasiwasi wako ni simu kuinama, ondoa shaka: simu ikiinama, stika na kidonda vyote vinafinyika sawasawa, ukigawanya kosa linajifuta. Kwa hiyo 11.4 ni sahihi, kidonda hakijapungua.

mpima_ardhi
Shikamoo mzee. Kazi yangu ni ramani za picha za droni, na jambo hili tunakutana nalo kila siku. La kufinyika sawasawa ni kweli, ila kwa sharti moja: stika na kidonda vilale kwenye bapa moja. Stika ikiwa kwenye mteremko na kidonda kiko tambarare, stika peke yake ndiyo inayofinyika. Pikseli zake zinapungua, na ukigawanya kwa namba ndogo kidonda kinatoka kikubwa kuliko kilivyo.

Urefu mara upana nao unapima mstatili mzima pamoja na kona ambazo kidonda hakina. Kidonda chenye umbo la yai kitazidishwa kwa zaidi ya robo.

Dada, naomba mambo matatu. Stika uliiweka wapi picha ile ya nne? Upana na kimo chake ni pikseli ngapi, kila kimoja peke yake? Na karibu na kidonda kuna alama mbili za kudumu kwenye ngozi, kama kovu au baka, zinazoonekana picha zote mbili?

mama_wawili
Jamani hata mimi nina mgonjwa. Mama amelala muda mrefu, ana kidonda kiunoni, mdomo mdogo lakini ndani ni shimo. Hiyo stika inatibu? Au kuna dawa ya kupaka?

nesi_wa_zamu
Pole sana dada. Stika haitibu, ni kipimo tu. Na kwa mama yako picha haitasaidia sana, maana inaona mdomo wa kidonda, haioni kina. Kidonda kinaweza kuziba juu huku chini kuna shimo. Huyo anahitaji mtu wa kumpima kina na kumgeuza mara kwa mara; tafadhali usipake kitu kabla hajaonwa. Fungua uzi wako, nitakuja.

binti_wa_pwani
Asante mpima_ardhi. Picha ya kwanza stika ilikuwa ubavuni mwa kidonda, upana 245, kimo 245. Picha ya nne bendeji ilikuwa imebana nafasi, nikaiweka mbele, karibu na vidole. Upana 248, kimo 198.

Alama zipo: kovu la zamani na baka jeusi, zimefuatana kwa urefu wa mguu, kidonda kiko kati yake. Picha ya kwanza zimeachana pikseli 490, ya nne 492.

mpima_ardhi
Hapo ndipo penyewe. Mraba wako wa picha ya nne si mraba tena, kimo kimepungua kwa moja ya tano. Mguu kuelekea vidoleni unateremka, na stika imeteremka nao.

Swali likabaki: je, kidonda nacho kilikuwa kimeinama? Alama zinajibu. Picha ya kwanza sentimita moja ni pikseli 122.5, basi kovu na baka ziko sentimita 4.0. Picha ya nne, ukitumia upana wa stika, sentimita moja ni pikseli 124, na umbali unatoka 3.97. Ukitumia kimo, ni pikseli 99 tu kwa sentimita, umbali unakuwa karibu sentimita 5. Ngozi haivutiki hivyo. Kwa hiyo eneo la kidonda lilikuwa linaitazama kamera sawasawa, stika ndiyo iliyoinama.

Chukua 248 mara 248, ni 61,504. Gawanya 140,000 kwa hiyo, zidisha kwa 4, unapata 9.1. Kutoka 11.2 hadi 9.1 kidonda kimepungua kama asilimia 19.

mzee_wa_kazi
Marahaba. Hilo la bapa moja nimelielewa. Kwa hiyo simu ikiwa mbali au karibu haina neno?

mpima_ardhi
Ina neno, mzee. Chukulia stika iko juu ya ukunjo wa bendeji, sentimita 2 juu ya ngozi. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye kidonda, stika inakuwa sentimita 28 tu kutoka kwenye simu, na eneo la kidonda linapungua kwa asilimia 13 hivi. Simu ikiwa sentimita 60, kosa linashuka hadi 7. Rudi nyuma, kuza picha, na stika iguse ngozi pembeni mwa kidonda. Kila mara kabla ya kuhesabu linganisha upana na kimo chake. Vikipishana, piga tena hapo hapo, bendeji bado haijafungwa.

nesi_wa_zamu
Kazi nzuri, lakini dada usipumzike kwa hiyo 19. Kwa vidonda vya mguu wa kisukari, kisipopungua kwa nusu ndani ya wiki nne, tunakiona kama kinachochelewa na matibabu yanatazamwa upya: mtiririko wa damu, maambukizi, uzito anaoukanyagia, sukari. Mrudishe kliniki wiki hii, usingoje picha nyingine. Akipata homa, harufu au wekundu unaosambaa, ni siku hiyo hiyo.

Na kwenye kadi mimi nisingeandika 9.1. Ningeandika picha ya nne haifai, nipime upya.

mpima_ardhi
Hapo tutofautiane kidogo nesi. Alama mbili zimeithibitisha. Ningeiandika, na pembeni niseme imerekebishwa.

nesi_wa_zamu
Alama zimethibitisha urefu wa mguu tu. Upana wake hujaupima.

binti_wa_pwani
Nawashukuru wote. Kesho kutwa tunakwenda, nimeshaongea na mwenye bajaji. Swali moja: katikati ya kidonda pametokea kisiwa kidogo cha ngozi ya waridi. Nakichora ndani au nakitoa?

nesi_wa_zamu
Kama ni ngozi kavu iliyofunga, kitoe: kipime peke yake, upunguze kwenye jumla. Kama bado panalowa, kiache ndani.