Mjadala: Seti ya hashi inatosha, trai ya nini?

Mwanabiti: Swali namba 421 la LeetCode linatoa namba zisizozidi 200,000, kila moja kati ya 0 na 2^31 - 1, na linataka XOR kubwa kuliko zote ya namba mbili. Kila anayefundisha anakimbilia trai, mti ambao kila ngazi yake inagawanyika kwa biti moja. Kwa seti ya hashi mtu anamaliza kwa mistari kumi: unajenga jibu kutoka biti ya 30 kushuka, kila hatua unaweka viambishi, yaani biti za juu za kila namba, kwenye seti, kisha unauliza kama biti inayofuata inaweza kuwa 1. Kuna sababu gani ya kung'ang'ania trai?

Chausiku: Hata hiyo seti ni kujichosha. Panga namba, chukua kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, zipige XOR. Umbali mkubwa, XOR kubwa.

Fundi Nodi: Chausiku, jaribu hilo kwenye 3, 10, 5, 25, 2, 8. Kubwa ni 25, ndogo ni 2, XOR yake 27. Jibu sahihi ni 28, nalo linatoka kwa 25 na 5. XOR haijali umbali, inajali biti zinazopingana.

Fuata 5 ndani ya trai ya biti tano, yaani 00101. Juu kabisa ina 0, kwa hiyo inatafuta tawi la 1, na huko yupo 25 peke yake, 11001. Biti ya pili 5 inataka 1, inaipata. Ya tatu inataka 0, inaipata. Ya nne inataka 1 lakini 25 ina 0, basi unashuka bila faida. Ya tano vilevile. Umepata 11100, yaani 28. Na huna haja ya kuogopa kwamba pupa ya juu itakuponza chini: biti ya thamani 16 inazidi 8, 4, 2 na 1 zikijumlishwa, maana hizo zote ni 15 tu.

Chausiku: Sawa, nimekubali. Lakini kupanga na kulinganisha majirani nimewahi kuona kunafanya kazi.

Fundi Nodi: Kunafanya kazi kwa XOR *ndogo* kuliko zote. Hapo majirani waliopangwa wanatosha. Kwa kubwa, hapana.

Mwanabiti: Hamjagusa swali langu. Muda ni uleule, hatua 31 kwa kila namba. Trai inaongeza nini zaidi ya kula kumbukumbu?

Fundi Nodi: Tuanze na hiyo kumbukumbu, maana hesabu inayosambazwa huwa imekuzwa. Watu wanazidisha 200,000 kwa 31 wanapata nodi milioni 6.2. Ila ngazi za juu hazina nafasi ya nodi nyingi hivyo. Mzizi, ngazi ya 0, ni mmoja, chini yake wawili, kisha wanne. Hadi ngazi ya 17 jumla haivuki 262,143. Ngazi 14 zilizobaki hazizidi 200,000 kila moja, yaani 2,800,000. Jumla ni nodi 3,062,143 kwa hali mbaya kabisa. Kila nodi ikiwa na namba mbili za baiti 4, ni kama megabaiti 24.5.

Kinachoua ni namna ya kuandika. Katika Python wengi hufanya kila nodi kuwa kamusi, na kamusi moja yenye kitu ndani inakula zaidi ya baiti 180. Zidisha mwenyewe: unavuka megabaiti 500. Halafu lawama anapewa trai. Weka kila kitu kwenye safu moja bapa:

```python
from array import array
T = array('i', [0, 0])

def ongeza(x):
    n = 0
    for b in range(30, -1, -1):
        k = 2*n + ((x >> b) & 1)
        if T[k] == 0:
            T[k] = len(T) // 2
            T.extend((0, 0))
        n = T[k]

def bora(x):
    n = jibu = 0
    for b in range(30, -1, -1):
        k = 2*n + (((x >> b) & 1) ^ 1)
        if T[k]:
            jibu |= 1 << b
        else:
            k ^= 1
        n = T[k]
    return jibu
```

Sifuri hapa maana yake hakuna mtoto, na ni salama kwa sababu mzizi hawi mtoto wa mtu.

Zuwena: Niongeze kosa ninaloliona kila mara kwa wanaoanza: wanatumia `bin(x)` na kuingiza herufi jinsi zilivyo. 5 inaingia kama 101, 25 kama 11001, hivyo biti ya thamani 4 inakaa ngazi moja na biti ya thamani 16. Jibu linalotoka halina maana, na mbaya zaidi, linaweza kutoka sahihi namba zote zikiwa na urefu mmoja. Ukiona msimbo unafaulu majaribio madogo na kuanguka palipo na 0 au 1 pamoja na namba kubwa, angalia hapo kwanza.

Juma_wa_Safu: Mimi nina safu hiyohiyo ya 3, 10, 5, 25, 2, 8 lakini nimepata 31: 25, 3 na 5 zikipigwa XOR pamoja. Trai yenu imekosea?

Zuwena: Juma, umechukua namba tatu. Hapa ni mbili tu. Ukiruhusiwa kuchukua idadi yoyote, trai haikusaidii, unahitaji msingi wa mstari, yaani namba chache ambazo XOR zake zinazaa XOR zote za safu, nao hauzidi namba 31 kwa ukubwa huu. Ila ukitaka kipande kinachofuatana cha safu, rudi kwenye trai: ingiza XOR za mwanzo hadi kila nafasi, na uanze na 0. Ukiisahau hiyo 0, vipande vinavyoanzia mwanzo wa safu vinapotea.

Fundi Nodi: Nirudi kwa Mwanabiti. Kwa 421 peke yake, ambapo namba zote zipo mezani tangu mwanzo, nakubali seti inatosha. Hata jozi yenyewe unaipata kwenye hatua ya mwisho, japo wapo wanaodai haiwezekani. Mambo yanabadilika namba zinapoingia na kutoka. Tazama 706D ya Codeforces: shughuli hadi 200,000, ongeza, ondoa, au uliza XOR kubwa ya x na kilichomo. Seti yako ingejengwa upya kwa kila swali. Kwenye trai unaweka hesabu kwa kila nodi, unapunguza moja njiani unapoondoa. Angalizo: sharti la kushuka liwe hesabu ya mtoto kuzidi 0. Ukiuliza tu kama mtoto yupo, utaingia tawi lililokwisha kuachwa wazi.

Mwanabiti: Si lazima nijenge upya. Naweka kamusi 30, moja kwa kila urefu wa kiambishi, na hesabu ndani yake. Naongeza, napunguza, nauliza. Hakuna nodi hata moja.

Fundi Nodi: Hiyo ni trai uliyoivalisha hashi. Kila kiambishi chako ni nodi.

Mwanabiti: Basi hata safu iliyopangwa ni trai, maana kila kiambishi ni kipande cha safu na unakigawa kwa kutafuta katikati. Na yenyewe haiongezi baiti.

Zuwena: Hapo Mwanabiti ana hoja, mradi namba hazibadiliki. Unalipa utafutaji kwenye kila biti, lakini kumbukumbu hubaki ileile. Zikianza kuingia na kutoka, kuhamisha vipengele vya safu kutakula muda wako wote.

Fundi Nodi: Na 1707 ya LeetCode, yenye masharti kwamba namba isizidi m? Kwenye trai naandika namba ndogo kuliko zote chini ya kila nodi, nashuka pale tu hiyo ndogo isipozidi m.

Mwanabiti: Kwenye safu iliyopangwa, ndogo ya kipande ni ya kwanza kushoto. Ipo bure.

Chausiku: Kwa hiyo kupanga kulikuwa na maana tangu mwanzo!