Eti "huyo dada arudi kwenye Eksel"! Mbele ya mlinzi!

Wakuu, naandika hapa mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, na sina haja, mnamjua wote. Yule yule fundi wa mifumo anayevaa kitambulisho shingoni hata akienda kununua chipsi.

Leo saa nne asubuhi simu ilikuwa kwenye spika. Meneja yupo, keshia yupo, hata mlinzi alikuwa ameingia kuchukua chai yake. Nikamwambia jamaa kwa adabu zote, "Kaka, nadhani kuna programu haipo kwenye hii seva." Hakuniacha nimalize. Akasema, "Mwambieni huyo dada arudi kwenye Eksel, mambo ya seva hayamfai." Mlinzi akaacha kukoroga chai. Nawaambia kijiko kilisimama!

Kisa chenyewe hiki hapa. Tumepata seva mpya, imewekwa Debian ile nyepesi kabisa, skrini nyeusi tupu. Jamaa akanitumia kiungo cha mfumo wetu mpya wa mikopo, faili moja la MB 480. Nikalishusha kwa bando langu mwenyewe, kufungua nikakutana na hiki:

```
tar (child): xz: Cannot exec: No such file or directory
tar (child): Error is not recoverable: exiting now
tar: Child returned status 2
tar: Error is not recoverable: exiting now
```

Nikapiga picha, nikamtumia. Jibu: "Faili limeharibika njiani, shusha upya." Nikashusha upya. Yaleyale, herufi kwa herufi. Akasema intaneti yetu mbovu, nishushe tena. Nikashusha mara ya tatu! MB 1,440 zimekwenda, bando la wiki nzima, mtu wa kwenye Eksel analipa.

Sasa oneni. Mstari wa mwisho pale unatisha, lakini hausemi kitu. Ndiyo huo huo hata tatizo liwe jingine kabisa. Sababu iko mstari wa kwanza: `xz`, halafu `Cannot exec`. Maana yake `tar` imejaribu kuita programu inayoitwa `xz` iifumulie mzigo, ikaikosa. Faili lenyewe hata halijaguswa! Angesoma mstari mmoja tu, mmoja, asingenitukana mbele ya mlinzi.

Baada ya simu nikakaa mwenyewe:

```
command -v xz
apt install xz-utils
xz -t mfumo.tar.xz
tar -xf mfumo.tar.xz
```

Amri ya kwanza haikurudisha kitu, maana yake `xz` kweli haikuwemo. Kuiweka hakukula hata MB 1. MB 1 wakuu, dhidi ya 1,440! Ile ya tatu inapima faili bila kulifumua. Ilikaa kimya, na ikikaa kimya ujue liko salama. Saa nne na dakika ishirini mfumo umefunguka wote. Saa tano jamaa anaandika kwenye kundi la ofisi: "Tumeshalitatua."

TUMESHA. Yeye na nani? Arudi kwenye Eksel, alisema. Kwa sauti ya kumwita mtoto atoke barabarani.

MzeeWaKahawa: Nimeshavuta kiti. Endelea dada, kijiko kilisimama halafu?

Chuma_Chakavu: Pole. Ila diski zinakufa siku hizi, hasa hizi za mtumba. Faili likigoma mara tatu badilisha diski, au weka antivairasi kwanza.

BintiHesabu (mwenye uzi): Chuma, umesoma hata nusu? Diski nzima, faili zima, kilichokuwa kibovu ni mdomo wa mtu.

Kamba_Ndefu: Mimi hapa sikubaliani. Debian yenyewe inaweka programu kwa faili za deb, na ndani ya deb mzigo umefungwa kwa xz. Kama xz haipo, hiyo `apt install` yako ilifanyaje kazi? Lazima ilikuwepo, labda njia yake tu ilipotea.

FundiSeva_Tanga: Kamba, hapo umegusa kweli nusu. Deb nyingi zimefungwa kwa xz, sawa. Lakini `dpkg` ina ufundi wa kuzifumua ndani yake yenyewe, inatumia maktaba, haiiti programu ya `xz`. `tar` ndiyo inayotoka nje kuomba msaada. Kwenye Debian nyepesi unakuta `tar` na `gzip` kwa sababu hizo ni za lazima, ila `xz`, `bzip2` na `unzip` unaweza usizikute. Kwa hiyo apt ilifanya kazi, na dada alikuwa sahihi, vyote kwa pamoja.

Dada, kitu kimoja nikuulize. Kabla ya `xz -t`, ulijuaje kwamba alichokupa ni xz kweli? Watu hubadilisha jina la faili tu. Hata amri ya `file` huwa haipo kwenye seva hizo. Mimi husoma baiti sita za mwanzo:

```
head -c 6 mfumo.tar.xz | od -An -tx1
```

Ikitoka `fd 37 7a 58 5a 00`, hiyo ni xz. Ikianza na `1f 8b` ni gzip. `50 4b` ni zip. Na ukiona `3c 21`, acha kuhangaika, umeshusha ukurasa wa wavuti. Mara nyingi ni ule ukurasa wa kukwambia uingie kwanza au bando limeisha, umehifadhiwa kwa jina la faili lako.

BintiHesabu: Hiyo ya baiti sikuijua, asante kaka. Mimi nilichofanya ni `sha256sum` kwa faili zote tatu, namba zikalingana. Ndipo nikajua halijaharibika njiani. Haiwezekani liharibike vilevile mara tatu. Nilitaka kumwambia hilo kwenye simu, akanirudisha kwenye Eksel!

Kamba_Ndefu: Na kama liliharibika kule kule linakotoka? Utashusha mara mia na namba zitalingana mara mia.

FundiSeva_Tanga: Hapo Kamba kashinda. Namba tatu kulingana kunasafisha njia, hakusafishi chanzo. Kilichosafisha chanzo ni `xz -t`, kwa sababu xz hubeba namba yake ya ukaguzi ndani. Na hata hiyo inasema tu kwamba mzigo uko kama ulivyofungwa. Kama jamaa alifunga vitu pungufu tangu mwanzo, itakaa kimya vilevile.

BintiHesabu: Kwa jamaa huyu hilo la kufunga pungufu nalihofia kweli. Mtu asiyesoma mstari wa kwanza wa kosa, atahesabu mafaili?

ShemejiWaWatu: Lakini tuseme ukweli, Eksel ina ubaya gani? Mimi mhasibu mwaka wa kumi na moja huu, mishahara ya watu mia mbili naifunga kwenye Eksel. Mbona mnaichukulia kama tusi?

MzeeWaKahawa: Uzi umempata mwenyewe 😂 Shemeji karudishwa kwenye Eksel hata hajatajwa.

BintiHesabu: Shemeji, Eksel naipenda, nala kwayo. Tusi ni "arudi". Kama vile nilitoroka.

Mama_Nuru_Picha: Jamani samahani naingilia. Mimi napiga picha za harusi. Mteja kanilipa, nikamtumia zip, anasema haifunguki, anataka hela yake. Kwenye kompyuta ya mwanangu inaandika hivi:

```
End-of-central-directory signature not found.
```

Na mwanangu anasema faili za tar hata zikikatika zinatoa kiasi. Mbona zip hainipi hata picha moja?

FundiSeva_Tanga: Mama Nuru, mwanao anajua. Zip huweka orodha ya vitu vyote mwishoni kabisa mwa faili. Kushusha kukikatika, mkia ndio unaokosekana, na mkia ndio wenye orodha. `unzip` inafika, haioni orodha, inagoma. Tar haina orodha ya pamoja. Kila kitu kinatanguliwa na maelezo yake, basi unapata vyote vilivyotangulia pale ilipokatika. Linganisha ukubwa wa faili lako na lake. La kwake likiwa dogo, mtumie tena tu. Picha zako haziko hatarini.

Na hiyo tabia ya tar ndiyo inayonitia hofu zaidi kwenye usakinishaji. Niliwahi kukuta mahali faili la gz limekatika, tar ikasema

```
gzip: stdin: unexpected end of file
tar: Unexpected EOF in archive
```

lakini folda ilishatokea, `install.sh` imo, kijana akaiendesha. Mfumo ukawaka! Siku ya nne mtu anabonyeza ripoti, sehemu ya ripoti haimo. Tulitafuta kosa kwenye hifadhidata siku mbili nzima. Tar ikilalamika, futa folda yote kabla ya kujaribu tena.

Mama_Nuru_Picha: La kwake MB 310, langu MB 904. Ubarikiwe baba. Harusi ilikuwa ya Jumamosi na bibi harusi ananipigia mpaka leo.

Kamba_Ndefu: Si angeendeleza tu pale ilipokatika kwa `wget -c`? Kwanini aanze upya?

FundiSeva_Tanga: Inafaa kama kilichoshuka mwanzo ni kipande cha faili lenyewe. Kikiwa ni ule ukurasa wa bando limeisha, `wget -c` itaunga mkia wa zip kwenye kichwa cha ukurasa, na ukubwa utalingana kabisa. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Bando_La_Usiku: Bando! Mimi jana nimeweka la wiki, asubuhi limeisha, sijagusa chochote. Nani mwingine?

ShemejiWaWatu: Mimi. Juzi. GB nne zimeyeyuka.

Chuma_Chakavu: Zima masasisho ya simu.

Bando_La_Usiku: Nimeshazima.

Jembe_la_Mwanza: Nyie wa intaneti mna nafuu. Mimi nabeba mizigo kwa flashi kwenda vijijini. Nilinunua ya GB 64, nikaweka faili, nikapima `sha256sum` palepale, namba sawa. Kufika kule napata `invalid compressed data--crc error`. Safari ya saa tano! Nimerudia mara mbili.

FundiSeva_Tanga: Ulipima bila kuichomoa? Kompyuta ilikusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake, sio kwenye flashi. Itoe salama, ichomoe, ichomeke tena, ndipo upime. Na hiyo GB 64 naitilia shaka. Zipo zinazojitangaza 64 ndani ni 8, ikijaa inaandika juu ya vya zamani au inatupa.

BintiHesabu: Wakuu, nimepata habari. Meneja kamwita jamaa kesho saa tatu, na mimi nimeambiwa niwepo. Nimechapisha ule mstari wa kwanza kwa herufi kubwa, karatasi nzima.

Jembe_la_Mwanza: Nimechomoa nikapima upya, namba tofauti kabisa. Nilinunua elfu kumi na tano. Anayejua duka la flashi halisi Mwanza mjini anielekeze, Jumatatu natakiwa Ukerewe.

Chuma_Chakavu: Njoo PM.

MzeeWaKahawa: Jembe, usiende PM kwa mtu aliyesema diski zibadilishwe.