Fundi wa simu kala mia mbili zangu, na grupu aliloniambia "hutaliona tena" limerudi!

MamaMahamri: Jamani, naandika nikiwa na hasira. Kuna kijana ana kibanda cha simu pale Mwembe Tayari. Nilimweleza wazi: nimo kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi, watu wanapiga soga usiku kucha, oda zangu za mahamri zinazama chini. Mteja wa Kongowea anaandika alfajiri, mie simuoni mpaka jua limepanda. Kutoka siwezi, bi harusi ni mtoto wa dadangu, nikitoka ni vita. Akabonyezabonyeza, akachukua shilingi mia mbili, akaniambia, "Mama, nimelitia akaivu, hutaliona tena."

Kulipokucha, hilo hapo juu! Nikalirudisha akaivu kwa mkono wangu. Mtu akaandika "Amin", neno moja tu, likatoka tena. Na cha ajabu, chati ya yule muuza unga niliyeacha kununua kwake, ambayo kijana aliitia huko huko siku hiyo hiyo, imetulia hadi leo. Simu inachagua? Nimemrudia yule kijana, ati "basi nilifute". Sasa mia mbili zangu zilikuwa za nini?

Kaka_wa_Likoni: Mama, hapo ulitakiwa kulimyuti tu. Bonyeza `Mute notifications`, chagua `Always`, kwisha maneno. Litapotea.

MamaMahamri: Mwanangu, nimelimyuti tangu mwezi wa Mfungo! Kelele hakuna, lakini kila wakiandika lapanda juu na kinambari chake cha kijani. Mie shida yangu si sauti, ni nafasi.

Bweni_Tudor: Mbona mie chati zangu zote zilitoweka nilipobadilisha simu? Hizo nazo ziko akaivu? Nisaidieni, kulikuwa na risiti za kodi ya nyumba.

FundiMstaafu: Bweni, lako ni la bekapu, fungua uzi wako.

Mama, simu haichagui. Muuza unga hajakuandikia, ndiyo maana katulia. Kamati wanaandika, ndiyo maana wanatoka. Hiyo ni dalili ya swichi moja iliyozimwa. Fungua WhatsApp, nenda `Settings`, kisha `Chats`, utafute `Keep chats archived`. Ikiwa imezimwa, akaivu inashikilia chati mpaka ujumbe mpya uingie, basi, inarudi kwenye orodha. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu hadi 2021, walipoleta hiyo swichi. Ukiiwasha, hata waandike mpaka asubuhi, grupu linabaki ndani.

Kama simu yako ni Android, tazama pia neno `Archived` limekaa wapi. Likiwa chini kabisa mwisho wa orodha, swichi imezimwa. Likiwa juu ya chati zote, imewashwa.

Na Kaka wa Likoni, kumyuti hakufichi kitu, kunaziba mlio tu. Kwenye grupu hata mlio wenyewe hauzibiki wote: mtu akikutaja kwa @ au akijibu ujumbe wako, simu italia. Kwenye akaivu ni vivyo hivyo. Kwa hiyo Mama, wakikuita kwa @ kuhusu mchango, utasikia tu.

MamaMahamri: Wataniita, hao! Na hilo la kufuta? Kijana alikuwa keshaweka kidole.

FundiMstaafu: Afadhali ulimzuia. Grupu halifutiki ukiwa mwanachama, lazima utoke kwanza, na maadmini wa grupu wangearifiwa umetoka. Angekuletea hiyo vita. Chati ya mtu mmoja inafutika, lakini kwako tu, mwenzako anabaki na kila neno. Na siku akikuandikia, chati inazaliwa upya ikiwa na ujumbe huo mmoja, ya nyuma huyaoni.

Kaka_wa_Likoni: Lakini mie Telegram nilizimyuti na kuzitia akaivu, na hazijarudi. Kwa hiyo sijakosea.

FundiMstaafu: Telegram ni kivyake. Kule chati isiyomyutiwa ndiyo huruka nje ya akaivu ujumbe ukiingia, iliyomyutiwa hubaki. Umechukua ya kule ukampa Mama wa huku.

Bweni_Tudor: Sasa risiti zangu?

MamaMahamri: Nimeangalia. `Archived` ilikuwa chini kabisa, na swichi imezimwa! Nimeiwasha, neno likaruka juu, grupu limo ndani, kuna kinambari pembeni na mie sishughuliki. Yaani swichi moja, na yule kijana hakuigusa. Kesho nikipeleka mahamri napitia Mwembe Tayari, na mia mbili zangu atazitoa mbele ya wateja wake.

Kaka_wa_Likoni: Hatoi ng'o. Atakwambia akaivu aliitia kweli.