Chaja ya kiti cha umeme cha baba: nianze kuchomeka ukutani au kwenye kiti? Na hii kutu ya kijani?

Binti Mvita

Habari za jioni wote. Baba alipata kiharusi, na tangu mwaka jana anatumia kiti cha magurudumu cha umeme, kile cha kuendesha kwa kijiti cha mkononi. Binamu yetu alikileta kutoka Uingereza, kimeshatumika, bila kitabu. Tunakaa Mombasa, Mji wa Kale, nyumba ya chini yenye kuta za mawe ya matumbawe. Masika hii kuta zinatoa jasho hadi chokaa inabanduka.

Chaja inakaa sakafuni kwenye ujia, hatua mbili kutoka mlango wa choo, kwa sababu soketi iko hapo. Imechomekwa ukutani na swichi haizimwi. Baba akirudi kutoka msikitini usiku, naichukua ile plagi yake ya pini tatu naichomeka kwenye kiti. Asubuhi naichomoa kwenye kiti, basi.

Sasa ni wiki ya pili taa ya rangi ya chungwa haigeuki kijani hata ikilala usiku kucha. Nikichomeka nasikia "tap" na naona cheche ndogo ya buluu. Juzi niliimulika plagi kwa tochi ya simu nikaona pini moja imeota unga wa kijani kwenye shina, na ncha yake ina doa jeusi. Kiti kilikuwa kinakwenda msikitini na kurudi mara tano, sasa mara mbili baba anaanza kuhofu kitamzimikia njiani.

Fundi wa mtaani anasema ninunue betri mbili mpya. Pesa hiyo kwa sasa sina. Naomba kujua utaratibu sahihi wa kuchomeka, hiyo kutu niisafishe vipi, na chaja ikae wapi.

Mwendesha Umeme

Dada usihangaike na chaja, nenda kituo cha kubadilishia betri, unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa, dakika mbili umemaliza. Mimi bodaboda yangu ya umeme sijawahi kuichaji nyumbani.

Binti Mvita

Kaka, hiki ni kiti cha mgonjwa, si pikipiki. Betri zake ziko chini ya kalio, mbili, na vituo hivyo havina za aina hiyo. Ahsante lakini.

Kaka wa Likoni

Pole na mzee. Chukua multimita, weka kwenye plagi ya chaja ikiwa imewashwa. Ikisoma sifuri, chaja imekufa, usimlipe mtu pesa za betri. Na kwa kuwa imepata unyevu, ifukie kwenye mchele siku mbili kisha ianike juani. Cheche isikutishe, umeme ukikutana lazima utoe cheche.

Fundi Waya

Dada, nimefanya kazi kwenye karakana ya viti hivi zaidi ya miaka kumi, nikujibu taratibu.

Kwanza multimita. Kaka wa Likoni amesema kweli kwamba kupima ni bora kuliko kubahatisha, lakini chaja nyingi za viti hivi hazitoi umeme mpaka zihisi betri upande wa pili. Ukipima plagi ikiwa hewani utasoma sifuri, na chaja ni nzima kabisa. Nimeona watu wakitupa chaja nzuri kwa kosa hilo. Mchele nao hauna kazi hapa. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi iliyokwisha ingia haitolewi na mchele.

Sasa utaratibu. Zima kiti. Hakikisha swichi ya ukutani imezimwa. Chomeka plagi ya chaja kwenye kiti mpaka ikae barabara, ndipo uwashe ukutani. Asubuhi unarudi kinyume: zima ukutani, subiri taa ya chaja izimike, kisha chomoa kwenye kiti. Kubwa ni lile la kuchomoa. Wewe unachomoa huku umeme unapita, na kila mara ncha ya pini inaungua kidogo. Hilo doa jeusi ndilo hilo. Pakiungua panakwaruzika, unyevu unapata pa kushika, kutu inaanza. Kwa hiyo cheche na kutu yako ni ugonjwa mmoja.

Nisikudanganye, kuna chaja ambazo zitatoa cheche ndogo hata ukutani kukiwa kumezimwa, kwa sababu betri inajaza vitu vya ndani ya chaja mara plagi inapogusa. Hiyo ni ndogo na haina neno. Ya kila siku yenye mlio wa "tap", hapana.

Na mchana, ukishazima ukutani, usiiache plagi imekaa kwenye kiti. Baadhi ya chaja zinanyonya betri polepole zikiwa zimezimwa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi ni vivyo hivyo, chomoa.

Kusafisha: chomoa chaja ukutani kabisa, iache nusu saa. Pini zisugue kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, halafu pamba yenye spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, uache ikauke vizuri. Usitumie msasa, utaondoa ule mng'ao wa juu na kutu itarudi haraka zaidi. Usipake mafuta ya nazi. Na matundu ya upande wa kiti usiyachokoe kwa pini wala waya, maana yana umeme wa betri hata kiti kikiwa kimezimwa. Ukiunganisha matundu mawili kwa chuma, waya utaungua mkononi mwako.

Naomba unijibu mawili. Ukiitikisa plagi kidogo ikiwa kwenye kiti, taa ya chaja inapepesa? Na ukishika plagi baada ya saa moja, ni ya moto?

Mama wa Bububu

Mimi niko Unguja, mwanangu ana kiti cha namna hiyo kilichotoka Ujerumani. Kitabu chetu kinasema kinyume na fundi: kwanza ukutani, kisha kiti. Nimefuata hivyo mwaka wa tatu na pini zangu ni safi. Sasa nani nimsikilize?

Kwetu tatizo lilikuwa plagi ya ukutani. Ile ya Ujerumani ni ya pini mbili za mviringo, mume wangu akaisukuma kwa nguvu kwenye soketi yetu ya pini tatu huku amebonyeza tundu la juu kwa kijiti. Soketi ikayeyuka pembeni. Tukanunua adapta nzuri ndiyo tukapona.

Fundi Waya

Mama, fuata kitabu chako. Kuna chaja zimetengenezwa kukaa kimya mpaka zihisi betri, kwa hizo kuanza ukutani hakuunguzi kitu. Dada hana kitabu na tayari ana cheche, ndiyo maana namwambia aanze na kiti. Mwenye kitabu asome kitabu.

Kuhusu plagi, wenye viti vilivyotoka Marekani mtazame kibandiko nyuma ya chaja kabla ya yote. Kama umeme wa kuingia umeandikwa volti 100 hadi 240, adapta inatosha. Kama ni 110 au 120 peke yake, siku ya kwanza kwenye soketi ya kwetu ndiyo ya mwisho.

Binti Mvita

Fundi, nimejaribu. Ndiyo, nikiitikisa taa inazima na kurudi. Na plagi ni ya moto, mkono unastahimili lakini si kwa muda. Kibandiko kinasema 100 hadi 240. Kuna pia mchoro wa kijumba kidogo, sijui maana yake.

Fundi Waya

Kijumba maana yake itumike ndani tu, mahali pakavu. Haikutengenezwa kwa baraza wala bafuni, na ujia wako dada ni kama bafuni. Ile taa kuzima na kurudi, kila mara chaja inadhani umechomeka upya na inaanza hesabu mwanzo. Usiku mzima unaweza kwisha bila kijani. Kwa hiyo kabla ya betri, safisha, badili utaratibu, uhamishe chaja. Plagi ikiendelea kuwa ya moto baada ya kusafishwa, usiendelee kuichajia, ibadilishwe plagi yenyewe.

Sakafuni isikae. Najua nyumba za kwetu, asubuhi mtu anapiga deki na ndoo ya maji na maji yanapita chini ya chaja. Iweke kwenye rafu ya mbao usawa wa kiuno, ndani ya chumba cha baba, isigusane na ukuta unaotoa jasho, na pande zote ipate hewa kwa sababu inapata joto. Isiwe kitandani, isifunikwe nguo. Ukimaliza, iache ipoe kabla ya kuiweka kwenye sanduku lake. Na tafadhali usivute waya wa kuongezea kutoka kule chooni hadi chumbani. Mwite fundi wa umeme aweke soketi chumbani, ni nafuu kuliko betri.

Siku ikilowa maji kweli, zima ukutani na usiijaribu tena. Usiifungue, ndani kuna sehemu inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikiwa imechomolewa.

Binti Mvita

Narudi baada ya siku tisa. Soketi imewekwa chumbani, chaja iko juu ya rafu. Nilisafisha pini mara mbili, ule unga wa kijani uliacha alama kwenye pamba kama dawa ya mbu. Sasa naanza na kiti, kisha ukutani. Cheche hakuna. Plagi ni vuguvugu tu. Usiku wa kwanza taa iligeuka kijani baada ya kuchaji kwa muda wa saa tisa na nusu, baba mwenyewe ndiye aliyeiona akaniamsha.

Lakini fundi wa mtaani alikuja kupima, zikiwa zimepita saa nne tangu kuchomoa. Zote mbili pamoja volti 25.0. Moja moja, moja 12.7 na nyingine 12.3.

Fundi Waya

Hongera kwa kijani. Zikijaa na kupumzika zingetakiwa zisome karibu 25.5 au zaidi, na zifanane. Hiyo ya 12.3 imechoka, pengine ndiyo iliyoteseka zaidi kwa wiki zile za kuchajiwa nusunusu. Zitakapobadilishwa, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kaka wa Likoni

Hapo sikubaliani. Moja ni nzima, kwa nini aitupe? Mimi ningenunua moja.

Fundi Waya

Zimefungwa mfululizo, kaka, na chaja inaziona kama betri moja. Mpya itajaa mapema na kuzidishiwa huku ya zamani bado inadai. Nimeona mpya zikiharibika kwa miezi michache hivyo.

Kaka wa Likoni

Na mimi nimeona zikienda mwaka. Inategemea ya zamani ina hali gani.

Binti Mvita

Kwa sasa hazinunuliwi hata moja. Jana baba alikwenda msikitini mara nne na kurudi, taa za kiti zikabaki nusu. Nitamwomba fundi apime tena Ijumaa baada ya safari, kila betri peke yake, nilete namba hapa.