Tupeane uzoefu: umefanya intavyuu, miezi imepita kimya, unaulizaje kama nafasi imeshajazwa?

BintWete: Asalaam aleikum. Nilisailiwa kazi ya mapokezi hoteli moja kule Kiwengwa kabla ya masika, wakanambia "tutakupigia". Sasa mvua zishakwisha, wageni washaanza kujaa, simu kimya. Naona haya kuuliza nisije nikaonekana king'ang'anizi. Waliopitia haya mliulizaje?

Wa Jang'ombe: Yarabi umenikumbusha. Miye niliandika imeili ndefuuu, nilivyosoma, nilivyo na hamu na kazi, mwisho "nasubiri majibu yenu". Kimya. Shangazi yangu alikuwa afisa utumishi, akaisoma akacheka, sasa humu swali liko wapi? Akafuta yote akaandika yake: "Asalaam aleikum. Mimi ni fulani, nilifanya usaili wa karani wa stoo tarehe 12 Machi. Naomba kujua kama nafasi hiyo imeshajazwa au bado mnaendelea kuchagua. Kama imeshajazwa nitashukuru kuarifiwa tu." Basi. Mtu anajibu kwa neno moja hata akiwa kwenye daladala. Na kwenye kichwa cha imeili weka jina la kazi na tarehe ya usaili, wasianze kutafuta wewe nani. Nikajibiwa kesho yake: imejazwa. Iliuma, lakini roho ilitulia.

Pweza Mkavu: kweli kabisa

Nahodha Mkoani: Imeili za nini, panda boti nenda wakuone uso

Wa Jang'ombe: Yakhe, atoe nauli toka Pemba aende akaambiwe na mlinzi getini "bosi hayupo"?

Nahodha Mkoani: Mimi nilikwenda na kazi nikapata.

Wa Jang'ombe: Kazi ulipata au mjomba alikuwepo? 😂

Mama Swabra: Ngojeni yangu. Mimi nilipiga simu hoteli yenyewe, akapokea msichana sauti tamu, nikamuuliza dada samahani, ile nafasi ya mapokezi imeshapata mtu? Akanyamaza kidogo. "Samahani dada yangu, ndo mimi." Wallahi nilitamani kukata. Lakini mtoto muungwana yule, akanambia bwana aliyetusaili aliondoka hoteli ilipofungwa wakati wa masika na makaratasi hakumkabidhi mtu, ndo mana imeili zangu zilikuwa zinaingia kwenye anwani isiyo na mwenyewe. Akanipa jina la aliyekuja badala yake. Nikamwandikia huyo, hakuwa na mapokezi ila alikuwa na usafi wa vyumba, nikaanza Julai.

Pweza Mkavu: "ndo mimi" 😭😭

Kibweni1: Kwa kazi za serikali usijisumbue na imeili, angalia akaunti yako ya ZanAjira na matangazo ya Tume ya Utumishi. Jina lisipotoka ndo jibu hilo.

Wa Jang'ombe: Si lazima, kuna watu waliitwa baadae kabisa.

Ali Mpishi: kwani hiyo hoteli bado wanachukua? nna diploma ya upishi, sivii nitume wapi

BintWete: Nishaandika, mistari minne. Kwanza nipige mapokezi niulize nani anashika mambo ya wafanyakazi sasa. Nikipokewa na "ndo mimi" je?

Mama Swabra: Mpe hongera, umuombe jina la bosi.

Nahodha Mkoani: Boti ya asubuhi ipo lakini.