Nimeumia kasino mwaka mzima, IRS wanasema nilishinda $12,600. Naombeni ushauri

Mgeni_Dallas:
Wakuu habari zenu. Niko Dallas mwaka wa sita, nafanya kazi ghala, mshahara wa 2024 ulikuwa kama $41,000. Mwaka ule wikendi nilikuwa navuka Oklahoma kucheza sloti. Sasa jana nimekuta barua ya IRS, watu wa kodi wa Marekani, kwenye boksi, imeandikwa CP2000, wanasema 2024 nilishinda $12,600 na sikuiweka kwenye ritani, wanataka kodi $1,512 na riba juu yake. Jamani mimi niliumia, kasino wenyewe wamenipa karatasi ya mwaka inaonyesha nimepoteza $3,900. Mtu aliyepoteza anadaiwaje kodi? Wamenipa siku 30 za kujibu na usingizi sina.

Baba Shufaa:
Pole ndugu yangu. Ila hela ya kamari haina baraka, hilo ndilo jibu. Kaka yangu aliuza kiwanja Mbagala kwa sababu ya mchezo huo huo. Acha kwanza, mengine yatafuata.

Kipara_TX:
Rahisi sana mkuu. Watumie hiyo karatasi ya kasino, waambie ulishinda 12,600 na ukapoteza zaidi ya hapo, hasara inafuta ushindi, imeisha. Mimi nilifanya hivyo 2019 wakaniacha.

Dada_Hesabu:
Kipara, wewe 2019 ulikuwa na nyumba ya mkopo? Maana hapo ndipo penye tofauti. Ushindi unaingia kwenye mapato wote. Hasara inakaa kwenye Schedule A, ile fomu ya kuorodhesha makato yako moja moja, na ukitumia Schedule A unaacha yale makato ya kawaida ambayo 2024 kwa mtu asiye na ndoa yalikuwa $14,600. Hasara hairuhusiwi kuzidi ushindi, kwa hiyo huyu kaka mwisho wake ni $12,600. Kama anapanga na hana riba ya nyumba wala michango mikubwa, atabadilisha 14,600 kwa 12,600. Anazidi kuumia.
Mgeni, unapanga? Na una rekodi gani ya siku kwa siku? Sio ya mwaka, ya siku.

Mgeni_Dallas:
Napanga dada. Rekodi ninayo, daftari.

Dada_Hesabu:
Uliliandika lini?

WaNakuru:
Huku Kenya hawasumbui hivyo. Zamani walikuwa wanakata 20% ya ushindi, tangu Julai 2025 wanakata 5% ya unachotoa kwenye akaunti ya beti, kampuni inapeleka yenyewe, wewe huandiki kitu. Ingawa mbaya ni kwamba nikiweka hela nikabadilisha mawazo nikaitoa ni kama nimeshinda. Nilikuwa na elfu tano ya karo pale...

Dada_Hesabu:
WaNakuru pole, ila tumsubiri Mgeni. Daftari uliliandika lini kaka?

Mgeni_Dallas:
Sawa niseme ukweli. Nimeanza juzi. Nimekaa mezani na kalamu tatu, bluu mbili na nyeusi moja ili isionekane imeandikwa siku moja, na nimefika mwezi wa saba. Jamaa yangu pia ana mfuko wa tiketi za mbio za farasi zilizopoteza, kaniambia niziambatanishe. Lakini kumbukeni hasara ni ya kweli! Sidanganyi kiasi, nakumbuka tu kwa makadirio. Sasa kosa liko wapi kama mwisho wa siku hesabu ni ile ile?

Kipara_TX:
Tiketi za farasi na wewe umecheza sloti?? Kaka choma huo mfuko.

Dada_Hesabu:
Kosa liko hapa. Ulikuwa unachomeka kadi ya mchezaji kwenye mashine, sivyo? Basi kompyuta yao inajua ulikaa mashine namba ngapi na saa ngapi. Ukiandika tarehe 9 Machi umepoteza 300 na kompyuta inasema siku hiyo hukuwepo, mkaguzi haamini tena hata mistari iliyo kweli. Tiketi za kuokota wanazijua miaka mingi, wanaangalia kama zina alama za viatu na kama ulikuwa na uwezo wa kuwa sehemu mbili siku moja.
Weka kalamu chini. Omba kasino wakupe orodha ya kila siku, sio ile ya mwaka. Chukua na statimenti ya benki inayoonyesha ATM ya mle ndani. Halafu andika upya, na juu ya ukurasa wa kwanza uandike wazi kwamba umeandaa mwaka huu ukitumia karatasi hizi. Rekodi iliyojengwa upya ina nguvu ndogo kuliko iliyoandikwa siku ile ile, ila sio uongo.

Mgeni_Dallas:
Na itanisaidia nini kama hasara yenyewe umesema hainifai?

Dada_Hesabu:
Ndio maana nataka ya siku. Kwa sloti, mawakili wa IRS wenyewe waliandika memo 2008 kwamba ushindi unahesabiwa kwa kikao, sio kwa kila mzunguko. Tuseme uliingia na $400, saa nne usiku ukapiga $1,800 wakakupa fomu W-2G, ile ya kuripoti ushindi kwa IRS, ukaendelea kuzungusha, saa nane ukatoka na $250. Fomu inasema 1,800. Kikao kinasema umepoteza $150, kwa hiyo ushindi wa usiku ule ni sifuri, na huhitaji Schedule A kwa hilo. Unajibu CP2000 kwa kusema sikubali, unaambatanisha jedwali la vikao na maelezo kwa nini hayalingani na fomu.
Ila kubali na upande wa pili: zile siku ulizotoka na faida bila kupewa fomu nazo zinaingia. Na kikao hakivuki mwaka wala safari nzima, huwezi kusema mwaka mzima ni kikao kimoja.

Mgeni_Dallas:
Duh. Kuna kingine sikusema. Kuna jekpoti ya $2,000 ambayo haimo kwenye barua, na ile walinikata $480 palepale. Nilifikiri nikae kimya.

Mwanamchezo:
Hii chai. Nimecheza sloti miaka tisa, kodi ya jimboni kwangu ndiyo wanayogusa tu, ya IRS haikatwi dirishani hata upige elfu kumi, wanakupa fomu na hela yako yote. Jamaa anatunga. Dada usipoteze muda.

Kipara_TX:
Na mimi nilishangaa, kila baada ya saa moja linatoka jipya.

Mgeni_Dallas:
Sijatunga wallahi. Ilikuwa mara ya kwanza, yule dada alitaka namba ya soshal, sikuikumbuka na kadi ilikuwa nyumbani, akasema basi anakata 24. Fomu ninayo, boksi namba 4 imeandikwa 480.00.

Dada_Hesabu:
Mwanamchezo uko sawa kwa kawaida, ila usipotoa namba wanakata 24%, na 24% ya 2,000 ni 480. Hesabu inakaa.
Mgeni, unaificha hela yako mwenyewe. Ukiiweka hiyo 2,000, hata bila hesabu ya kikao, kwenye ngazi yako ya 12% kodi yake ni $240. Walishachukua $480. Zinazobaki 240 zinapunguza deni lako.

Mwanamchezo:
Sawa, nimekuelewa. Lakini kuanzia 2026 fomu ya sloti inatoka kuanzia $2,000, si hatujasalimika sasa?

Dada_Hesabu:
Hapana, kiwango cha kupewa fomu ndicho kimepanda, kodi iko vile vile. Na kuanzia 2026 hasara wanakubali 90% tu. Ukishinda elfu kumi na kupoteza elfu kumi, una $1,000 ya kulipia kodi hata ukiwa na Schedule A.

Mgeni_Dallas:
Nimepiga simu kasino leo, orodha ya siku itachukua kama wiki. Nimebakiwa na siku 19. Ila kuna usiku kadhaa niliisahau kadi nikacheza bila kuichomeka, na mmojawapo ni wa fomu ya $3,100.

Dada_Hesabu:
Huo ndio utakaokusumbua. Una hata risiti ya ATM ya usiku ule?

Mgeni_Dallas:
Ngoja nifungue benki niangalie.