Mrejesho: isabgoli na tumbo lililojaa gesi

Niliuliza: «Nimeanza isabgoli, yaani maganda ya mbegu za psiliamu, kwa ajili ya choo kigumu, lakini tumbo limezidi kujaa. Niache?»

Sikuiacha, ila nilirudi mwanzo kabisa. Kosa langu lilikuwa kuanza na vijiko viwili vya chakula kwa siku katika nusu glasi ya maji. Maganda yale ya psiliamu hufyonza maji na kuvimba kama uji wa mlenda, na maji yasipotosha, uji huo mzito hukwama tumboni badala ya kulainisha choo.

Wiki ya kwanza nilitumia nusu kijiko cha chai, mara moja kwa siku, katika glasi nzima ya mililita 250, nikakoroga na kunywa papo hapo kabla haijaganda, kisha nikashushia glasi nyingine ya maji. Wiki ya pili nilipanda hadi kijiko kimoja, na siku ya tatu gesi iliporejea nilishuka tena kwa siku nne. Sasa natumia vijiko viwili vya chai, asubuhi na jioni kimoja kimoja, na choo ni laini.

Unga wa inulini, aina nyingine ya nyuzinyuzi niliokuwa nauchanganya humo, nimeuacha, kwa kuwa bakteria wa utumbo huuchachusha upesi na kuzalisha gesi zaidi kuliko psiliamu.

Dawa zangu za presha nazimeza muda wa saa mbili kabla ya kunywa isabgoli. Mfamasia alinionya pia kwamba anayepata shida ya kumeza, au anayetapika huku tumbo likiuma na choo kimefunga, asiiguse bali amwone daktari.